Maharage na mahindi: mbegu ipi ifukiwe kina gani, na kwa nini

Punje ya hindi na punje ya harage hazipishani sana kwa ukubwa. Ukifuata ile kanuni inayosema mbegu ifukiwe mara mbili au tatu ya unene wake, zote utazipanda kwenye sentimita mbili tatu. Kwa maharage utakuwa umepatia au umekaribia. Kwa mahindi utakuwa umejitafutia miche inayolala kabla haijafika magotini. Ukizipeleka zote sentimita nane, mahindi mengi yatatoka ingawa yamechelewa, na maharage mengi hayatatoka kabisa. Ukubwa wa mbegu, basi, hautoshi kukuamulia kina. Cha kuangalia ni kitu gani hasa kinapaswa kupenya udongo ili mche uone jua, na katika jambo hilo mimea hii miwili imeachana kabisa.

Harage hupanda na akiba yake yote

Uotaji wa harage huitwa epijeali, maana yake kotiledoni hutokeza juu ya ardhi. Zile nusu mbili unazoziona ukilimenya harage lililolowekwa ndizo kotiledoni, na ndani yake kuna chakula chote ambacho mche utakitumia mpaka majani yake yaanze kujitegemea. Katikati ya nusu hizo kuna kiinitete kidogo: mzizi mchanga upande mmoja, vijani viwili vilivyokunjwa upande wa pili.

Mbegu hunywa maji kwanza, karibu nusu ya uzito wake, kabla ya kuanza kuota. Kisha mzizi hutoka na kushika chini. Baada ya hapo sehemu ya shina iliyo kati ya mzizi na kotiledoni, inayoitwa haipokotili, huanza kurefuka. Kwa kuwa chini mzizi umeshika na juu kotiledoni zimebanwa na udongo, shina hilo hujipinda kama ndoana. Mgongo wa ndoana ndio unaotangulia juu, na kotiledoni huburutwa nyuma yake, vichwa vikitazama chini, jinsi mtu anavyopita mlango mwembamba kinyumenyume huku akivuta gunia.

Ukichimba taratibu siku ya nne au ya tano kwenye udongo wenye joto la nyuzi 20 hadi 25, utaiona ndoana hiyo ikiwa nyeupe, imekaza, na udongo wa juu yake umeinuka kidogo kama kichuguu chenye ufa. Pindo hilo linalinda ncha ya ukuaji na vile vijani viwili visisuguliwe na mchanga. Mgongo wa ndoana ukipata mwanga, shina hunyooka, kotiledoni hutoka na kufunguka, nazo hugeuka kijani kwa muda. Ndani ya wiki moja au mbili baada ya hapo husinyaa na kuanguka.

Gharama ya njia hii iko kwenye upana. Kitu kinachopita udongoni ni kotiledoni mbili zilizovimba kwa maji, na kila sentimita ya udongo inayoongezwa juu yake ni mzigo wa kusukuma. Nguvu ya kusukuma inatoka kwenye haipokotili moja laini. Ikikwama, haina njia ya pili: inaendelea kurefuka papo hapo, inajipinda zaidi, na mwisho inavunjika.

Hindi huacha akiba chini na kutuma ncha tu

Uotaji wa hindi ni haipojeali: mbegu hubaki pale pale ulipoifukia. Wanga wake hukaa ndani ya punje, na kotiledoni moja ya hindi, inayoitwa skutelamu, hubaki humo humo ikifyonza chakula na kukipeleka kwenye mche. Ukiung'oa mche wenye majani mawili kwa uangalifu utakuta punje bado imening'inia, ganda lake limelegea na ndani kuna uji mweupe unaokwisha polepole.

Kinachopanda juu ni koleoptili, ala nyembamba yenye ncha iliyochongoka, ambayo ndani yake majani ya kwanza yamekunjwa mviringo. Unene wake ni wa kijiti cha kiberiti tu, kwa hiyo hupita hata pale harage lingekwama.

Lakini jambo kubwa la hindi halionekani juu ya ardhi. Kati ya punje na koleoptili kuna kipande cha shina kinachoitwa mesokotili. Hiki ndicho kinachorefuka gizani na kuinua koleoptili. Ncha ya koleoptili inapokaribia uso wa udongo na kupata mwanga, hasa mwanga mwekundu, mesokotili hupata taarifa na kuacha kurefuka. Pale ilipoishia panakuwa na kifundo, na kwenye kifundo hicho na vile vinavyofuatia ndipo mizizi ya kudumu itakapotokea.

Matokeo yake ni kwamba hindi lililopandwa sentimita 4, lililopandwa 6 na lililopandwa 8 yote huweka kifundo chake karibu mahali pamoja, kiasi cha sentimita 1.5 hadi 2 chini ya uso wa udongo. Urefu wa mesokotili ndio unaobadilika. Wakulima wengi huamini kwamba kulizika hindi zaidi kunaipeleka mizizi yake mikubwa chini zaidi. Si kweli. Kuzika zaidi kunaipeleka punje kwenye unyevu, kifundo hakifuati.

Na hapo ndipo kupanda juu juu kunapoleta taabu. Punje ikiwa sentimita 2 tu, mesokotili haina nafasi ya kurefuka, na kifundo hukaa sentimita moja au pungufu chini ya uso. Jua la siku mbili tatu hulikausha tabaka hilo kabisa. Mizizi ya kudumu ikichomoza humo hunyauka ncha, na mche unabaki kutegemea mizizi midogo iliyotoka kwenye punje.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | Harage | Hindi |
|---|---|---|
| Kinachopenya udongo | Ndoana ya shina na kotiledoni mbili nene | Koleoptili nyembamba yenye ncha |
| Kinachorefuka | Haipokotili | Mesokotili, kisha koleoptili |
| Chakula cha akiba | Hupanda juu pamoja na mche | Hubaki chini ndani ya punje |
| Kina cha kawaida | Sm 3 hadi 5 | Sm 4 hadi 6 |
| Kosa baya zaidi | Kufukia sana | Kufukia kidogo |
| Ncha ya ukuaji baada ya kuota | Juu ya ardhi tangu siku ya kwanza | Chini ya ardhi hadi majani kama sita |

Mstari unaosema kosa baya zaidi ndio wa kushika. Hakuna mtu anayepanda kila shimo kwa kina kile kile. Mkono hupanda na kushuka. Ukipanda maharage, acha mkono uelemee upande wa juu. Ukipanda mahindi, acha uelemee upande wa chini.

Kina cha harage, udongo kwa udongo

Kwenye udongo wa kichanga, ambao haushikamani na hukauka upesi, sentimita 4 hadi 5 zinafaa. Kwenye tifutifu, 3 hadi 4. Kwenye mfinyanzi unaoganda baada ya mvua, 2.5 hadi 3 zinatosha, mradi udongo una unyevu. Kupita sentimita 6 ni kubahatisha, hata kwenye kichanga.

Kina hiki kipimwe kutoka mgongo wa mbegu hadi uso wa udongo baada ya kufukia na kushindilia kidogo, kwa sababu udongo uliotoka kulimwa hudanganya: umejaa hewa, na mvua ya kwanza huushusha. Mbegu uliyoifukia sentimita 5 kwenye udongo mlegevu inaweza kubaki na 4 baada ya udongo kutulia. Kinyume chake ni shimo lililoachwa bonde. Mvua huporomosha udongo wa kingo, na mbegu ya sentimita 3 hujikuta chini ya 6. Tofauti kama hiyo hindi hata halitaiona, ila harage linaweza kuzikwa nayo moja kwa moja.

Adui wa kweli wa harage ni ukoko, lile tabaka gumu linalojitokeza pale mvua kubwa inapopiga udongo ulio wazi na jua kufuata. Ndoana ikifika chini ya ukoko hutafuta ufa. Ikiupata, hutoka. Isipoupata, husukuma mpaka shingo inakatika, na hapo utaona jambo la ajabu kidogo: shina jeupe limetokeza juu likiwa halina kitu kichwani, kotiledoni zimebaki chini. Mche huo umekufa, kwa sababu haipokotili haina machipukizi ya kuuanzisha upya.

Kuna faida ndogo ya kupanda mbegu mbili au tatu shimo moja kwenye udongo wa aina hii: zikiota pamoja husukuma pamoja, na mara nyingi huinua kipande cha ukoko kama kifuniko. Lakini zisitupwe kwa kina tofauti, maana ya juu itatoka peke yake na kuziacha nyingine zikipambana chini.

Kina cha hindi, na mpaka wake

Sentimita 5 ndicho kina ambacho ni vigumu kujuta nacho. Kwenye mfinyanzi wenye unyevu na baridi kidogo, 4 zinatosha. Kwenye kichanga au pale unyevu umeshuka, 6 hadi 7 ni sawa. Pungufu ya 4 sipapendi, na pungufu ya 3 ni kuomba matatizo: kifundo kinakaa juu mno, ndege na panya wanaifikia punje kirahisi, na mche ukifika majani matano au sita huku juu pakiwa pakavu, upepo unauangusha. Ukiuinua mche ulioanguka hivyo utaona vijizizi vifupi vyenye ncha kavu vilivyokoma kabla ya kugusa udongo wenye unyevu. Dawa yake ni kuusogezea udongo shinani na kuombea mvua. Mvua ikija mapema, hujishika tena.

Mpaka wa upande wa chini unategemea urefu ambao mesokotili na koleoptili zinaweza kufikia kwa pamoja, na urefu huo ni wa kurithi. Wahopi wa kusini magharibi mwa Marekani, wanaolima kwenye nchi kame ya mchanga, wana mahindi yao ya asili ambayo huyapanda sentimita 20, 30 na hata zaidi ili punje ikutane na unyevu, nayo hutoka kwa sababu mesokotili yake hurefuka mno. Mbegu za kawaida hazina uwezo huo. Ukipita sentimita 8 unaanza kupoteza miche, na inayotoka hutoka kwa zamu, wa kwanza leo na wa mwisho baada ya siku nne tano. Kwa mahindi kutopishana ni jambo la maana: mche uliochelewa kwa majani mawili hufunikwa na wenzake na mara nyingi hubaki bila gunzi la maana.

Dalili ya kuzika mno, au ya kukwama, ni jani lililofunguka chini ya ardhi. Koleoptili ilifika mwisho wa urefu wake kabla ya kuuona uso, ikapasuka, na majani laini yakatoka humo udongoni. Jani halina ncha wala ugumu wa kusukuma, kwa hiyo hujikunja kama karatasi iliyofinyangwa. Ukichimba utaliona likiwa la njano, limejisokota, limekwama sentimita moja au mbili kabla ya kutoka.

Hata hivyo usikimbilie kulaumu kina. Udongo wenye mabonge makubwa huacha mianya, mwanga hupenya hadi chini, na mesokotili hudhani imefika. Huacha kurefuka wakati bado kuna sentimita kadhaa za kwenda, na jani hufungukia humo. Hapo kosa ni la maandalizi ya shamba, na kupunguza kina hakutaliponya. Vunja mabonge, kisha shindilia udongo juu ya mbegu kwa unyayo ili mianya izibe.

Shamba moja, mbegu mbili, unyevu umeshuka

Tuchukue hali inayowasumbua wengi. Udongo ni tifutifu wenye mfinyanzi kiasi. Mvua ilinyesha, ikakatika. Unachimba kwa kijiti na kukuta sentimita 3 za juu ni kavu kabisa, inayofuata ni unyevunyevu wa kusitasita, na kuanzia sentimita 4 kwenda chini udongo ukiufinya mkononi unashikamana. Unataka kupanda mahindi na maharage wiki hii.

Kwa mahindi uamuzi ni mwepesi. Panda sentimita 6. Punje italala sentimita 2 ndani ya udongo wenye unyevu wa kutosha, nayo inahitaji maji kiasi cha asilimia 30 tu ya uzito wake ili iote. Mesokotili itarefuka kama sentimita 4, na kifundo kitakaa sentimita 2 chini ya uso. Angalia lakini kitu kimoja: hapo kifundo kilipokaa ni ndani ya lile tabaka kavu. Kina cha sentimita 6 kimekuhakikishia kuota. Hakijakuhakikishia mizizi ya kudumu. Punje ina akiba ya kuufikisha mche kwenye majani kama matatu, na mizizi ya mwanzo itausaidia kwa muda. Isiponyesha ndani ya wiki mbili tatu baada ya kutoka, utaanza kuona miche iliyodumaa.

Maharage huwezi kuyatendea hivyo. Ukiyaweka sentimita 3 yatalala pakavu yakingoja mvua. Pabaya zaidi ni kwenye ule unyevu wa kusitasita wa kati, ambako mbegu hunywa kidogo, huvimba, kisha huoza au kukauka kabla haijamaliza kuota. Ukiyapeleka 6 yatapata unyevu, ila unayatwisha mzigo ulio mpakani mwa uwezo wake, kwenye udongo ambao una tabia ya kuganda.

Njia inayofaa ni kuuondoa udongo mkavu badala ya kuipeleka mbegu chini yake. Chora mfereji wenye upana wa jembe, sukuma zile sentimita 3 kavu pembeni, kisha panda kwenye sakafu ya mfereji kwa kina cha sentimita 3. Ukipima kutoka uso wa zamani, mbegu iko sentimita 6 na imelala kwenye unyevu. Ukipima kile kinachoihusu harage, yaani udongo ulio juu ya mgongo wake, ni 3 tu. Usirudishe udongo ulioutoa.

Mfereji huo una hatari yake. Kingo zikiwa wima, mvua kubwa itazishusha juu ya mbegu, kwa hiyo zilaze kwa mwinamo mdogo. Kwenye mteremko mfereji ufuate kontua, yaani ukatishe mteremko kwa usawa, la sivyo utakuwa umetengeneza mkondo wa maji unaobeba mbegu zako.

Sasa tuseme siku ya tatu mvua inapiga kwa nguvu, na siku mbili zinazofuata ni jua kali. Siku ya tano uso umeganda, ukoko wa karibu sentimita moja. Kabla ya kugusa chochote, chimba sehemu tano sita kila upande na uone miche imefika wapi. Koleoptili za mahindi yaliyopandwa sentimita 6 huenda bado ziko sentimita 2 au 3 chini. Hapo unaweza kupitisha reki juu ya mstari, meno yakiingia sentimita moja, bila kudhuru kitu. Ndoana za maharage zitakuwa zimefika chini kabisa ya ukoko, na reki ile ile itazikata shingo. Kwa maharage kinachofaa ni maji: nyunyizia kidogo asubuhi na jioni ili ukoko ulainike, na uendelee hadi mengi yatoke. Kama huna maji, pasua ukoko kwa ncha ya kijiti pembeni mwa mstari, sentimita mbili tatu kutoka zilipo mbegu. Ufa hujiendeleza wenyewe hadi kwenye mche.

Zikipandwa shimo moja

Watu hupanda hindi na harage shimo moja ili kuokoa kazi. Kina cha pamoja kinachovumilika ni sentimita 4, na ni kwenye kichanga au tifutifu pekee. Kwenye mfinyanzi unaoganda hakuna kina kimoja kinachozifaa zote mbili, maana 4 ni nyingi kwa harage hapo na ni kiwango cha chini kwa hindi.

Kuna namna ya kuligawa shimo bila kazi kubwa. Chimba sentimita 6, weka punje za hindi upande mmoja na uzifunike kwa udongo wa sentimita 2 hadi 3. Halafu weka maharage upande wa pili wa shimo, juu ya udongo huo, yasikae wima juu ya mahindi, ndipo ufukie lote. Mahindi yatakuwa karibu 6, maharage 3 au 4. Kama kuna mbolea ya kupandia, ikae chini zaidi na pembeni, itenganishwe na mbegu kwa udongo. Chumvi yake huunguza mzizi wa harage upesi zaidi kuliko wa hindi.

Kusoma kilichotokea

Wiki mbili baada ya kupanda mche wenyewe unaweza kukuambia ulipanda kina gani, jambo linalosaidia sana kama kupanda kulifanywa na watu wengine. Kwa hindi, chimba mche bila kuukata, pima mesokotili kutoka punje hadi kifundo, kisha ongeza sentimita 2. Mesokotili ya sentimita 3 inasema punje iliwekwa 5. Ya nusu sentimita inasema ilipandwa juu juu. Ya sentimita 6 inaeleza kwa nini mche huo uko nyuma ya jirani yake. Pima kumi kwenye mistari tofauti, na tofauti kati ya huo mrefu na huo mfupi ndiyo tofauti ya mikono ya waliopanda.

Kwa harage kipimo hiki hakipo. Shina lote hadi kwenye kotiledoni, la chini ya ardhi na la juu yake, ni haipokotili ile ile. Angalia sehemu iliyobaki nyeupe chini ya mstari wa ardhi: huo ndio makadirio, nayo yanavurugwa na udongo uliomomonyoka au kusogezwa wakati wa palizi.

Mashimo matupu ya maharage yachimbwe kabla ya kurudia kupanda. Mbegu iliyooza ikiwa nzima, bila mzizi, imekosa hewa au joto, au ilikuwa dhaifu tangu ghalani. Mbegu iliyovimba na kunywea imekutana na unyevu usiotosha. Ndoana nene iliyojipinda mara mbili, au shingo iliyokatika, inakuambia ni kina au ukoko. Mche uliotoka na kotiledoni zake lakini hauna vijani katikati mara nyingi unatokana na mbegu iliyopigwa vibaya wakati wa kupura, au na funza waliokula ncha wakati bado iko chini. Kupunguza kina hakutasaidia mbegu ya namna hiyo.

Mche ukikatwa baada ya kutoka, hesabu hugeuka tena. Hindi lenye majani matatu au manne likiliwa au kukatwa usawa wa ardhi kwa kawaida huchipua upya baada ya siku chache, kwa sababu ncha yake ya ukuaji bado iko chini ya udongo, kwenye kile kifundo. Isipokuwa sota, kiwavi anayekata miche, ameukata chini ya uso, usiharakishe kupanda upya. Pasua shina kwa wembe, na ukiona ncha ni nyeupe na imara, subiri siku tano. Harage lililokatwa chini ya kotiledoni halina pa kuanzia, lirudishie mbegu siku hiyo hiyo. Likikatwa juu ya kotiledoni, machipukizi yaliyo kwenye kikwapa chake yanaweza kutoa mashina mapya, ila mmea utachelewa na kuzaa kidogo kuliko wenzake.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kuhamisha vipimo hivi kwenye mazao mengine: usidhani kila jamii ya kunde huota kama harage. Kunde, choroko na soya huinua kotiledoni zao, basi zitendee kama maharage, na choroko, kwa udogo wake, ikae 2 hadi 4. Mbaazi, njegere na dengu huziacha chini kama hindi, na zinavumilia kina zaidi. Kama una mbegu usiyoijua, otesha kumi kwenye kopo la mchanga kwa kina cha sentimita 3 kabla ya kwenda shambani. Zikitoka na nusu mbili nene kichwani, panda kwa woga. Yakitoka majani matupu, una nafasi ya kufuata unyevu chini kidogo.